Asilimia 87.75 ya nini? Ndani ya programu inayodai kutabiri bahati nasibu

Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinipa simu yake nimwangalizie programu aliyoanza kuilipia kila mwezi. "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa kompyuta," aliniambia. "Hawa wanasema akili mnemba yao imesoma droo zote za nyuma, na sasa inapatia kwa asilimia themanini na saba. Hebu nitazamie kama ni kweli." Akabonyeza kitufe. Duara likazunguka, maneno "Inachambua ruwaza" yakapita, kisha zikatokea namba sita: 7, 15, 21, 29, 35, 43. Chini yake, kwa rangi ya kijani, paliandikwa "Usahihi 87.75%".

Nilimwambia, "Mzee wangu, hiyo asilimia huenda ni ya kweli kabisa. Lakini haisemi unachodhani inasema." Alinitazama kama mtu aliyetarajia kusikia kwamba ametapeliwa, kisha akaambiwa jambo gumu zaidi. Nimeamua kuliandika jambo hilo kwa kirefu, kwa sababu watu wanaouziwa programu hizi si wajinga. Wanaonyeshwa takwimu ambazo ukizihakiki unazikuta ziko sawa, na hapo ndipo wanapokwama.

Tuanze na mchezo wenyewe. Katika bahati nasibu ya namna hii mna mipira 49 yenye namba 1 hadi 49. Inatolewa sita bila kurudishwa, na mpangilio wa kutoka haujalishi. Ukihesabu makundi yote ya namba sita yanayoweza kutoka unapata 13,983,816, na kila moja lina nafasi sawa na jingine. Kundi la 1, 2, 3, 4, 5, 6 lina nafasi ileile ya kundi lolote linaloonekana limetawanyika vizuri.

Akili mnemba ya programu kama hizi huwa ni mtandao wa neva, yaani programu inayojirekebisha yenyewe kwa kuonyeshwa mifano mingi. Sasa tuangalie unavyofundishwa kwa mchezo huu. Njia iliyozoeleka ni kuulisha droo kadhaa zilizopita, kisha kuudai utoe majibu 49, moja kwa kila mpira: je, mpira huu utatoka katika droo inayofuata, ndiyo au hapana? Baada ya droo, majibu yale 49 yanasahihishwa moja moja na alama zinajumlishwa. Alama hizo ndizo zinazoitwa usahihi.

Tatizo liko hapo. Katika kila droo, mipira 43 kati ya 49 haitoki. Kwa hiyo anayejibu "hapana" kwa mipira yote, bila kutazama historia yoyote, anapata majibu 43 sahihi kati ya 49. Gawanya 43 kwa 49 upate 0.8775, yaani asilimia 87.75. Ndiyo namba ya kijani iliyokuwa kwenye simu ya mzee. Nilimwandikia mistari michache ya Python aone kwa macho yake, tena kwa droo za kubuni zilizotolewa na kompyuta palepale:

```python
import random
droo = [random.sample(range(1, 50), 6) for _ in range(2000)]
sahihi = 0
for d in droo:
    for n in range(1, 50):
        if n not in d:      # jibu letu ni "hapana" daima
            sahihi += 1
print(sahihi / (2000 * 49))
```

Endesha mara ngapi utakavyo, jibu halitikisiki: 0.8775 na tarakimu zake zinazofuata. Hakuna kilichojifunzwa, hakuna kilichotabiriwa, na hakuna mpira hata mmoja uliotajwa kuwa utatoka. Mtandao wa neva unaofundishwa kwa njia hii huishia hapohapo. Si kwa uvivu wa aliyeujenga. Kwa jinsi alama zinavyotolewa, hilo ndilo jibu bora lililopo. Ukiuliza mtandao huo undani wa majibu yake, utakuta kila mpira umepewa uwezekano unaokaribia 0.122, ambao ni 6 kugawanya kwa 49. Yaani umegundua kwamba hutoka mipira sita kati ya 49, jambo ambalo limeandikwa nyuma ya tiketi.

Aliyezoea kufundisha mitandao hii ataliona hilo mapema kwenye skrini. Ukitumia kipimo cha makosa kiitwacho `binary_crossentropy`, thamani ya `val_loss`, yaani makosa kwenye droo ambazo mtandao haukufundishwa nazo, hushuka upesi mwanzoni kisha hugota kwenye 0.372 hivi. Namba hiyo haitokani na udhaifu wa mtandao. Unaweza kuipata kwa kalamu na karatasi, kwa sababu ndicho kiasi cha kutokujua kinachobaki mtu akishafahamu kwamba nafasi ya kila mpira ni 6/49. Ukiongeza tabaka, ukiongeza siku za mafunzo, ukikodi kompyuta kubwa zaidi, `val_loss` haipenyi sakafu hiyo. Kinachoweza kushuka chini ya 0.372 ni `loss` ya mafunzo tu, kwa maana mtandao mkubwa una uwezo wa kukariri droo ulizoulisha. Hapo huku inashuka na kule kwenye droo ambazo haujaziona `val_loss` inapanda. Muuzaji akikuonyesha grafu inayoshuka vizuri bila kusema ni ya droo zipi, muulize hilo kwanza.

Mzee alikuwa na swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa juu ya jambo hili. "Sawa, asilimia ni ya 'hapana'. Lakini hizo namba sita zinazotajwa zimetoka wapi? Si imezichagua kwa sababu fulani?"

Imezichagua kwa sababu, ndiyo, na sababu hiyo inavutia. Zitazame tena: 7, 15, 21, 29, 35, 43. Zimepangwa kwa umbali unaokaribiana, sita au nane kutoka moja hadi nyingine. Kesho programu ikikupa 8, 14, 22, 28, 36, 42 utaona zimeachana vilevile. Hilo hutokea mtandao unapofundishwa kwa njia ya pili, ambapo badala ya kuulizwa ndiyo au hapana kwa kila mpira, unaambiwa utoe namba sita zenyewe, na unaadhibiwa kulingana na umbali kati ya namba uliyotaja na namba iliyotoka.

Matokeo ya droo hutangazwa yakiwa yamepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, na mwenye programu huyapakua hivyohivyo. Faili linakuwa na safu sita: safu ya kwanza ni namba ndogo kuliko zote katika kila droo, ya sita ni kubwa kuliko zote. Sasa fikiria mstari kutoka 0 hadi 50. Ukidondosha juu yake namba sita bila mpango, zinaukata vipande saba, na ukirudia mara nyingi, urefu wa wastani wa kila kipande unakuwa sawa na mwenzake: 50 kugawanya kwa 7, yaani 7.14. Kwa hiyo wastani wa namba ndogo ni 7.1, wa inayofuata ni 14.3, kisha 21.4, 28.6, 35.7, na wa kubwa kuliko zote ni 42.9.

Mtandao unaoadhibiwa kwa umbali, usipokuwa na lolote la kukamata kwenye historia, huwa na njia moja tu ya kupunguza adhabu: kutaja wastani wa kila safu. Ndiyo maana majibu yake yanazunguka 7, 14, 21, 29, 36, 43, yakitikisika kidogo kwa kelele za mafunzo. Ukizikuta namba za namna hiyo kwenye programu yoyote ya mchezo wa 6 kati ya 49, umeshajua ilivyojengwa kabla hujaifungua.

Na hapa ndipo takwimu ya pili ya kuvutia wateja inapozaliwa. Muuzaji huchora grafu: mlalo ni namba zilizotabiriwa, wima ni namba zilizotoka, safu zote sita zikichanganywa pamoja. Nukta zinapanda kutoka kushoto chini hadi kulia juu, na chini ya grafu anaandika kwamba uhusiano kati ya utabiri na matokeo ni 0.86. Mtu aliyesoma takwimu kidogo anashtuka, maana 0.86 ni uhusiano mkubwa. Lakini nayo inapatikana kwa kalamu na karatasi. Anayetaja wastani uleule wa safu sita kila droo, bila kubadilisha chochote maisha yake yote, anapata uhusiano huo wa 0.86. Kinachopimwa ni ukweli kwamba namba kubwa ya droo huwa kubwa kuliko namba ndogo ya droo, na hilo lilifanyika siku faili lilipopangwa. Tenganisha grafu iwe sita, moja kwa kila safu, na kupanda kote kunapotea.

Kuna ubaya mwingine wa kuchezesha namba zilizotawanyika hivyo, nao unahusu pesa moja kwa moja. Zawadi kubwa hugawanywa kwa wote walioipata. Tarehe 14 Januari 1995, katika bahati nasibu ya taifa ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa ya 6 kati ya 49, zilitoka namba 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Zawadi ilikuwa zaidi ya pauni milioni 16, lakini tiketi 133 zilikuwa na namba hizo zote sita, na kila moja ikapata kama pauni 122,000. Watu hupenda kutawanya namba kwenye tiketi, na hawajui kwamba wanafanana. Programu inayowapa wateja wake wote wastani wa safu sita inawasukuma mahali palepale penye msongamano. Haiongezi nafasi ya kushinda, na ikitokea wameshinda, inawapunguzia.

Sasa nije kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo inayomaliza mjadala, na haihitaji mtandao wa neva wala kompyuta. Shika tiketi yoyote yenye namba sita, iliyochaguliwa kwa njia yoyote ile, mradi imechaguliwa kabla ya droo. Chukua namba moja katika hizo. Nafasi yake ya kutoka ni 6/49, kwa sababu mashine haijui historia, na mipira haina mahali pa kuihifadhi. Namba ya pili nayo ina 6/49, na zote zilizobaki vivyo hivyo. Jumlisha mara sita upate 36/49, yaani 0.73. Hiyo ndiyo idadi ya namba utakazolenga kwa wastani kwa kila droo. Katika hesabu hiyo hakuna mahali nilipouliza tiketi ilichaguliwaje. Ndiyo maana ustadi wa anayechagua hauna pa kuingilia, uwe wa mwanadamu, wa ndoto, au wa mtandao wenye tabaka mia. Akili mnemba hukamata uhusiano uliomo kwenye data. Droo ya leo ikiwa haitegemei za jana, uhusiano haumo, na kuongeza akili hakuuleti.

Baadhi ya watu hunijibu kwamba mashine si malaika: mpira mmoja unaweza kuwa na uzito tofauti kidogo, na akili mnemba ikaligundua hilo. Ni pingamizi la haki, kwa sababu hakuna kifaa kilicho sawasawa kabisa, basi tulipime. Tuseme mpira fulani unatoka mara nyingi zaidi ya inavyostahili kwa asilimia 5. Nafasi yake inapanda kutoka 0.1224 hadi 0.1286. Ili tofauti ndogo kiasi hicho ijitokeze juu ya kubahatisha kwa kawaida, hata kwa mtu aliyeambiwa tayari ni mpira upi wa kuutazama, zinahitajika droo zipatazo 11,500. Kwa droo mbili kila wiki hiyo ni miaka 110. Ukiwa hujui ni upi, ukawa unaikagua yote 49, unahitaji zaidi. Na muda wote huo mipira na mashine zingepaswa kubaki zilezile, wakati waendeshaji huwa na seti kadhaa za mipira, huzipima uzito, na huzibadilisha.

Hata tukijalia muujiza kwamba mipira yote sita kwenye tiketi yako ina upendeleo huo, na wewe umeijua, nafasi ya zawadi kubwa inatoka moja kati ya milioni 14 na kuwa kama moja kati ya milioni 10.4. Bado ungecheza maisha yako yote bila kuiona.

Yupo mtu aliyewahi kujua namba mapema, na kisa chake kinafaa kuelezwa kwa sababu wauzaji hupenda kukigusia nusunusu. Eddie Tipton alikuwa mfanyakazi wa Multi-State Lottery Association huko Marekani, shirika lililoendesha michezo ya majimbo mengi. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kuzalisha namba za droo, na ndani yake alificha mistari iliyofanya namba ziwe za kukadirika katika tarehe tatu tu za mwaka, zikiangukia siku fulani za wiki. Tiketi ya mchezo wa Hot Lotto kwa droo ya tarehe 29 Desemba 2010, yenye zawadi ya dola milioni 16.5, ndiyo iliyomfichua, kwa kuwa mshindi hakutaka kujitokeza kwa jina. Zawadi haikulipwa, na mwaka 2017 Tipton alikiri makosa na kuhukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Angalia alichokuwa nacho. Hakuwa na historia ya droo aliyoichambua vizuri kuliko wengine. Alikuwa na mkono wake ndani ya mashine. Mtu wa nje angelisha mtandao matokeo yote yaliyotangazwa na asingeona kitu, kwa sababu siku zilizochezewa zilikuwa chache mno kati ya siku zote, na matokeo yake kwa macho yalifanana na droo nyingine yoyote. Namba zikitabirika, ni kwamba kuna mtu amezichezea, na mtu huyo hauzi utabiri wake kwa mwezi.

Takwimu ya tatu ambayo mzee alinionyesha ilikuwa picha za ushindi: "Programu yetu ililenga namba 4 kati ya 6 wiki hii!" Hiyo nayo yaweza kuwa kweli. Nafasi ya tiketi moja ya kubahatisha kulenga nne au zaidi ni kama 1 kati ya 1,013. Ni ndogo kwa mwenye tiketi moja. Lakini muuzaji mwenye wateja 50, ambaye programu yake inampa kila mmoja mistari 20 tofauti ya namba sita, ametoa mistari 1,000 kwa droo moja. Kwa mistari mingi hivyo iliyochaguliwa ovyo, uwezekano kwamba angalau mmoja utalenga nne au zaidi ni kama asilimia 63. Pia mistari kama 18 italenga namba tatu. Yaani wiki nyingi atakuwa na picha mpya ya kutuma, na hatalazimika kutunga chochote. Mistari mingine 900 na ushee haipigwi picha.

Mzee aliniuliza basi mtu afanyeje ili apime mwenyewe, asitegemee maneno yangu wala ya muuzaji. Nilimpa utaratibu huu. Chukua mstari mmoja tu kutoka kwenye programu, ule wa kwanza inaokupa, uuandike kwenye daftari pamoja na tarehe kabla ya droo. Usinunue tiketi. Baada ya droo andika umelenga ngapi, sifuri ikiwemo, maana sifuri ndilo jibu linalokuja mara nyingi kuliko yote: asilimia 43.6 ya droo. Fanya hivyo kwa droo 100 bila kuruka hata moja, na bila kubadilisha mstari baada ya matokeo. Mbahatishaji wa kawaida atakuwa amelenga jumla ya namba 73 au 74, na kwa kuyumba kwa kawaida anaweza kuangukia popote kati ya 58 na 89. Programu ikipata 80, haijafanya lolote ambalo mtoto anayechagua kwa kufumba macho asingefanya.

Kwa anayejua kuandika programu kuna njia ya haraka zaidi, kama mtandao uko mikononi mwake. Chukua faili la droo halisi, uchanganye mpangilio wa tarehe zake ovyo, kisha ufundishe mtandao upya. Kama kulikuwa na ruwaza yoyote inayounganisha jana na leo, kuchanganya tarehe kumeiua, na matokeo yanapaswa kuporomoka. Yakibaki 87.75 na 0.86 kama yalivyokuwa, basi mtandao haukuwa ukitumia historia hata mara moja.

Mzee alichagua daftari. Alisitisha malipo ya mwezi uliofuata, lakini alikuwa bado ana wiki tatu alizokwishalipia, na akataka zisipotee bure. Alichora safu tatu kwa rula: tarehe, namba za programu, zilizolengwa. Katika droo ya kwanza aliandika 1, ya pili akaandika 0.